Mtikiso mkavu: povu la ute wa yai kwenye saua, na namna ya kulishika yai bichi

Povu la yai juu ya kokteli ya saua likigoma, watu hulaumu yai. Nimesimama nyuma ya kaunta hapa Dar es Salaam miaka ya kutosha kusema kwamba mara nyingi yai halina kosa. Ama barafu imeingia mapema, ama kuna mafuta mahali ambapo jicho haliyaoni. Na ile hofu ya kuumwa tumbo, ambayo ni hofu ya haki, hutatuliwa au kuharibiwa kabla hujagusa sheka, yale makopo mawili ya kutikisia: dukani, kwenye friji, na kwenye mikono yako. Kwa hiyo nitafuata glasi moja tu, ya wiski saua yenye ute wa yai, kutoka kwenye trei ya mayai hadi kwenye sinki.

Saua ni jamii ya kokteli zinazosimama juu ya vitu vitatu: pombe kali, ndimu au limau, na sukari. Pisko saua ya Lima, Peru, ni ya ukoo huohuo, na nayo huvikwa povu juu. Ute wa yai hauongezi ladha. Kazi yake ni kulainisha ukali wa ndimu mdomoni na kutandika povu jeupe juu ya glasi, lenye unene wa kidole kimoja, ambalo ulimi hukutana nalo kabla ya pombe.

Tuanze na yai.

Kuchagua yai

Hofu ile ya tumbo ina jina: salmonela. Haionekani kwa macho. Ni bakteria anayeishi kwenye utumbo wa kuku, na anaingia kwenye yai kwa njia mbili. Njia ya kwanza ni kupitia ganda: kinyesi kimegusa yai, ganda lina maelfu ya vitundu vidogo, na likipata unyevu au ufa, mlango umefunguka. Njia ya pili ndiyo inayowasumbua wataalamu zaidi. Kuku mwenyewe akiwa na maambukizi kwenye ovari, bakteria huwa ndani ya yai tangu kabla ganda halijaumbwa. Yai la namna hiyo huwa safi kwa nje, zima, halina harufu yoyote.

Ndiyo maana kipimo cha kulitumbukiza yai kwenye maji kinasaidia kwa jambo moja tu. Yai likilala chini ya bakuli ni la karibuni, likisimama wima lina siku nyingi, likielea litupe. Kipimo hicho kinakwambia umri. Kitakuokoa na yai viza, lakini hakikwambii chochote kuhusu salmonela. Nimesikia vijana wengi wakisema “nimelipima kwenye maji, liko salama”, na kila mara nawasimamisha hapo hapo.

Hata hivyo umri una maana kubwa, na sababu yake iko ndani ya ute wenyewe. Ute wa yai ni ngome. Una protini inayokamata madini ya chuma na kuyafungia, na bakteria bila chuma hawezi kuzaana vizuri. Una kimeng'enya kinachoshambulia kuta za bakteria. Chakula chote kizuri kiko kwenye kiini, na kiini kimefungwa kwa utando. Yai likiwa la karibuni na la baridi, utando huo ni imara, na bakteria wachache waliomo hubaki wachache. Yai likizeeka, utando hulegea, virutubisho na chuma huvuja kuingia kwenye ute, na ngome imebomolewa kwa ndani. Joto huharakisha kazi hiyo. Kwenye nyuzi joto 30 za mji wetu, siku chache juani nyuma ya pikipiki na juu ya kaunta ya duka hufanya kazi ambayo friji ingeichukua wiki nyingi.

Uingereza, wakaguzi wa usalama wa chakula walibadilisha ushauri wao mwaka 2017 na kusema kwamba mayai yenye muhuri wa simba yanaweza kuliwa mabichi hata na wajawazito na wazee, kwa sababu kuku wa mpango ule huchanjwa na mayai hufuatiliwa toka shambani. Ukisoma ushauri huo mtandaoni ukiwa Mwanza au Mombasa, kumbuka unahusu yai lenye muhuri ule, si yai la kwenye trei yako. Sisi tunafanya kwa kumjua mfugaji.

Mimi nanunua trei ya mayai 30 kwa mfugaji anayeweza kunitajia siku yalipookotwa, na kwa kazi ya yai bichi nayatumia ndani ya wiki moja. Nachagua yaliyo makavu, yasiyo na ufa wala madoa ya kinyesi. Yenye madoa siyaoshi ili niyatumie mabichi. Ganda lina utando mwembamba wa asili unaoziba vitundu, na kuosha huuondoa. Tena maji yakiwa ya baridi kuliko yai, yanavutwa ndani pamoja na uchafu. Yai chafu liende kwenye kikaango, likaive hadi kiini kigande.

Kuhusu kienyeji na kisasa: kiini cha kienyeji kina rangi nzuri zaidi, lakini saua haitumii kiini. Kuku hapati kinga ya salmonela eti kwa kuwa anazurura. Nachagua kwa tarehe na usafi.

Yakifika, yaingie kwenye friji chini ya nyuzi 5, kwenye rafu ya ndani, si mlangoni ambako joto hupanda na kushuka kila friji ikifunguliwa. Yakishaingia yasitoke nje ovyo. Yai la baridi likitolewa kwenye hewa yetu yenye unyevu hutoa jasho kwenye ganda, na jasho hilo ni maji yaleyale yanayowasaidia bakteria kupenya. Natoa ninayohitaji kwa wakati ule. Yai lililokaa nje saa mbili, au saa moja siku ya joto kali, halirudi tena kwenye hesabu ya mabichi.

Pombe haiui

Hapa nataka nikae kidogo, kwa sababu hili ndilo kosa linalosemwa kwa kujiamini kuliko yote. “Wiski itaua kila kitu.” Tupige hesabu ya glasi yetu. Wiski ya asilimia 40, mililita 60, ina mililita 24 za kilevi. Ongeza ndimu mililita 25, shira 20, ute 25: jumla 130. Barafu ikitikiswa vizuri huyeyuka na kuongeza kama mililita 35, tunafika 165. Gawa 24 kwa 165 unapata karibu asilimia 15. Vitakasa mikono vinavyofanya kazi vina asilimia 60 na zaidi. Kinywaji chako kina robo ya hapo, na kinakaa kwenye sheka chini ya dakika moja kabla hakijafika mdomoni.

Kilevi cha kiwango hicho kinahitaji muda mrefu mno. Kwenye Chuo Kikuu cha Rockefeller, New York, watafiti waliwahi kutia salmonela kwa makusudi kwenye kinywaji cha krismasi cha maziwa, mayai na pombe nyingi, wakakiweka kwenye friji. Ilichukua wiki tatu bakteria wote kufa. Ndimu nayo inasaidia kwa muda, lakini sekunde 40 si muda.

Kuna jambo jingine linalowadanganya watu wa baa. Dalili za salmonela, yaani homa, kuharisha na tumbo kunyonga, huanza baada ya saa sita hadi siku sita. Mteja aliyekunywa saua Ijumaa akaanza kuharisha Jumatatu atalaumu chipsi mayai za Jumapili. Hatarudi kukwambia. Kwa hiyo “sijawahi kupata malalamiko” si ushahidi wa chochote.

Kwa mtu mzima mwenye afya, yai bichi lililotunzwa vizuri ni hatari ndogo, na ni haki yake kuichagua akiwa ameambiwa. Mzee, mgonjwa, anayetumia dawa zinazoshusha kinga, hawa wasipewe yai bichi kabisa. Wajawazito na watoto hawahusiki na pombe, lakini siku hizi tunatikisa saua zisizo na kilevi, za ukwaju au pasheni, na povu lake linawavutia watoto sana. Hapo tumia ute uliopitishwa kwenye joto, nitakuja kwake. Na kila mteja aambiwe kwa mdomo kwamba ndani mna yai, kwa sababu kuna wenye mzio wa mayai, na povu jeupe halijitambulishi.

Kutenga ute

Nawa mikono kwa sabuni. Chukua kikombe kidogo kikavu. Gonga yai kwenye meza bapa, si kwenye ukingo wa kopo: ukingo husukuma vipande vya ganda ndani na mara nyingi hutoboa kiini.

Wengi tumefundishwa kurusha kiini kutoka nusu moja ya ganda hadi nyingine mpaka ute umalizike kudondoka. Kwa yai la kukaanga haina shida. Kwa yai bichi ina maana kwamba ute umepita juu ya ukingo wa nje wa ganda mara nne au tano, na nje ndiko kulikokuwa na uchafu. Mimi nalimwagia yai zima kwenye kiganja safi, nalegeza vidole, ute unapita katikati yake na kushuka kikombeni, kiini kinabaki mkononi. Kijiko kikubwa chenye matundu kinafanya kazi hiyo pia.

Yai moja, kikombe kimoja, kisha ndipo lihamie kwenye sheka. Usipasue yai moja kwa moja juu ya wiski na ndimu. Kiini kikipasuka utamwaga vyote. Na kiini kikipasuka hata tone, usijaribu kulichota ukaendelea. Mafuta ya kiini hujipenyeza kwenye kuta za viputo vya povu na kuzivunja. Utatikisa mpaka mkono ukufe ganzi na utapata maji ya njano yenye mapovu makubwa kama ya sabuni ya kufulia.

Yai la wastani hutoa karibu mililita 30 za ute. Glasi moja inahitaji 20 hadi 25. Zaidi ya hapo povu huwa zito na shombo huanza kusikika.

Baa nyingi hukamua mayai 20 jioni kwenye chupa moja ya plastiki ili kazi iende haraka. Naelewa kwa nini. Lakini fikiria yai moja lililoambukizwa kati ya hayo 20. Ukilipasua peke yake linamfikia mtu mmoja. Ukilichanganya, linawafikia watu 20, na chupa imekaa kaunta saa tano ikizidisha bakteria. Kama lazima uwe na chupa, tumia ute uliopitishwa kwenye joto kiwandani. Mayai mabichi nayapasua moja moja kwa kila oda.

Baada ya kupasua, mikono inawe tena kabla hujashika barafu, nanaa au ganda la ndimu la kupambia. Huku ndiko watu huangukia bila kujua. Mtu anaogopa ute ndani ya glasi, halafu anachota barafu ya baa nzima kwa mkono uliotoka kushika maganda.

Kutikisa bila barafu

Ute ni maji kwa sehemu tisa katika kumi, na sehemu iliyobaki karibu yote ni protini. Protini hizo zimekunjwa kama uzi kwenye kidonge. Unapotikisa kwa nguvu zinakunjuka, zinashikana, na kutengeneza ngozi nyembamba kuzunguka kila kiputo cha hewa. Ubaridi huzifanya ziwe nzito na zisikunjuke upesi, na vipande vya barafu vinayeyuka na kuongeza maji kabla povu halijajengeka. Barafu ina kazi yake: kupoza na kuongeza maji. Mtikiso mkavu, yaani kutikisa kwanza bila barafu, unaitenga kazi hiyo na ile ya kujenga povu. Kwanza povu, halafu ubaridi.

Kwenye kopo dogo la sheka tia mililita 25 za maji ya ndimu yaliyokamuliwa sasa hivi, kisha mililita 20 za shira. Shira ninayosema ni ileile ya sukari na maji tunayomwagia kaimati, ila bila iliki wala zafarani, kipimo sawa kwa sawa, na iwe imepoa. Sukari si ya utamu peke yake: huufanya mchanganyiko uwe mzito, na maji huchelewa kuchuruzika kutoka kwenye povu. Ndiyo maana saua iliyopunguzwa sukari sana povu lake hukaa kidogo. Ndimu nayo huziwezesha protini kushikana imara. Ongeza wiski mililita 60, mwisho mimina ute, na utikise hapo hapo. Ukiuacha ute ukae na pombe kali huku unaongea na mteja, utaanza kuganda vipande vidogo vyeupe.

Sasa funga makopo na uyashike kwa mikono yote miwili, mmoja juu na mmoja chini. Hili si pambo. Ukitikisa na barafu, hewa ndani hupoa na kusinyaa, makopo yanavutana yenyewe. Bila barafu hakuna kinachoyavuta, na povu linasukuma kwa ndani. Kwenye hoteli moja ya ufukweni nilipoanza kazi, makopo yalinifunguka mkononi mbele ya meza ya harusi, na shati la bwana harusi likalowa wiski na yai. Tangu siku ile natikisa kwa upande, kopo dogo likielekea kwangu, pasipo na mtu.

Tikisa kwa nguvu, mwendo mrefu, sekunde 20. Sikiliza. Mwanzoni kuna mlio wa maji kupiga bati, chwa-chwa-chwa. Karibu na sekunde ya 12 au 15 mlio unakuwa mzito na wa chini, kama kitu kinene kinagonga ndani ya mto. Hapo povu limejengeka. Fungua kwa tahadhari, maana hewa itatoka kwa kishindo kidogo. Ukichungulia utaona kimiminika kimepauka na viputo ni vidogo kiasi kwamba huvihesabu.

Ndipo jaza barafu, vipande vikubwa na vikavu, vilivyotoka kwenye friza na si vile vinavyoelea kwenye maji yake. Funga, tikisa tena sekunde 10 hadi 12, mpaka kopo lipate ukungu kwa nje na vidole viume kwa baridi. Mimina kupitia chujio la sheka, na chini yake uweke chujio la chai. Chujio la chai linazuia vipande vya barafu na zile kamba nyeupe zinazoshikilia kiini, na linavunja viputo vikubwa vilivyobaki. Mimina kutoka juu kidogo, na mwishoni gonga chujio ubavuni ili povu zito lililokwama lishuke.

Weka glasi mezani na uiache nusu dakika. Utaona mpaka ukijichora: chini kinywaji cha rangi ya asali, juu tabaka jeupe linalozidi kunyooka. Ngojea mpaka mstari huo uwe safi ndipo udondoshe bita.

Bita ni kilevi kichungu chekundu cha mizizi na viungo, matone matatu tu, na huko Peru nayo hukaa juu ya pisko saua. Uzuri wa macho upo, lakini kazi yake kubwa ni pua. Ute ukikaa dakika kadhaa huanza kutoa shombo, na pua iko sentimita mbili tu juu ya povu. Bita, au mafuta yaliyokamuliwa kutoka kwenye ganda la limau, yanaifunika. Yai la siku mbili lina shombo kidogo sana, la wiki tatu halifunikiki kwa lolote.

Wako wanaogeuza mpangilio: wanatikisa na barafu kwanza, wanachuja, wanatupa barafu, halafu wanatikisa bila barafu. Povu huwa nene zaidi, karibu kusimama kama la keki, kwa kuwa barafu haipati nafasi ya kulipiga baada ya kujengeka. Nimeijaribu sana. Kwa joto la hapa kinywaji hurudi na uvuguvugu na povu linakaa kama kofia iliyotengana na glasi. Mtu anayefanyia kazi kwenye chumba cha baridi anaweza kuipenda. Mimi nabaki na mpangilio wa kwanza.

Huna sheka? Chupa ya jamu yenye mfuniko wa kukaza inatosha, isizidi nusu kujaa. Ukitoa waya wa springi kutoka kwenye chujio la sheka ukautupia ndani wakati wa mtikiso mkavu, unafanya kazi ya mchapo na unakupunguzia sekunde kadhaa.

Povu likigoma

Kuna kipindi pale hotelini povu lilikufa jioni tatu mfululizo. Linapanda, linakaa nusu dakika, linabaki pete nyembamba pembeni mwa glasi. Tukabadilisha mayai, tukabadilisha mfugaji, tukabadilisha ndimu. Jioni ya nne nikapitisha kidole ndani ya kopo safi na likateleza. Makopo yalikuwa yanafutwa kwa kitambaa kilekile kilichofuta sahani za chipsi. Utando wa mafuta usioonekana ulikuwa unaua povu kabla halijaanza. Tuliyaosha kwa sabuni na maji ya moto, tukayasuuza, na povu likarudi kwa mayai yaleyale.

Tangu hapo nikiona povu limepanda likafa, nawaza mafuta kwanza: kopo, kikombe cha kutengea, chupa ya plastiki ambayo hushika mafuta hata baada ya kuoshwa, au tone la kiini. Povu ambalo halikupanda kabisa ni habari nyingine, hapo mtikiso ulikuwa mfupi au barafu ilitangulia. Viputo vikubwa vinavyopasuka kimoja kimoja vinaonyesha yai la zamani, kwa maana ute uliozeeka huwa mwepesi: hupanda haraka na kushuka haraka. Na kinywaji chembamba chenye ladha ya maji, povu likiwa zuri, kosa liko kwenye barafu iliyolowa.

Asiyetaka yai bichi

Ute wa pakiti uliopitishwa kwenye joto hupatikana kwenye maduka makubwa ya mijini na kwa wauzaji wa vifaa vya keki. Unatikisika vizuri, ila protini zake zimeguswa na joto tayari, kwa hiyo ongeza mtikiso mkavu hadi sekunde 30 au 35. Ute wa unga nao umepitishwa kwenye joto: vijiko viwili vya chai kwenye vijiko viwili vya chakula vya maji, uache dakika kumi ulainike, uchuje mabonge.

Kuna wanaosoma kwamba yai zima likiwekwa kwenye maji ya nyuzi 57 kwa dakika 75 bakteria hufa na yai linabaki bichi. Ni kweli, kwa mashine inayoshika nyuzi hizo bila kuyumba. Ute huanza kuganda kwenye nyuzi 60 hivi, na chini ya 55 humalizi kazi. Sufuria juu ya jiko la gesi haiwezi kukaa kwenye mwanya huo saa moja na robo, hata ukisimama nayo na kipimajoto. Usiiite salama kazi ambayo hukuipima.

Maji ya dengu nyeupe za kopo, zile kubwa, yanatoa povu kwa njia hiyohiyo, mililita 30 kwa glasi, bila yai na bila shombo. Chagua kopo lisilo na chumvi. Povu lake ni laini zaidi na hudumu muda mfupi kidogo, lakini kwa asiyekula mayai ni jibu zuri, na ukidondosha bita juu wengi hawatambui tofauti.

Kuosha

Ute uliobaki kwenye kikombe utupwe. Haurudi kwenye friji kusubiri oda nyingine. Makopo na chujio yasuuzwe kwanza kwa maji ya baridi: ukianza na ya moto, ute unaivia kwenye bati na kwenye springi ya chujio, na hapo utasugua kwa mswaki. Baada ya baridi, sabuni na maji ya moto, kisha yakauke yenyewe yakiwa yameinamishwa, bila kitambaa.